Umeokota funguo mtaani kwenu: uweke picha, uandike fumbo, au useme nusu tu?

Nimekuwa admini wa grupu la wakazi kwa muda sasa na posti inayoandikwa vibaya kuliko zote ni ile ya "nimeokota". Mtu ana nia njema kabisa, kaona kitu chini, kakiokota, kapiga picha tatu kali, kaandika kila kitu mpaka rangi ya uzi, halafu wanakuja watu wawili kila mmoja anasema ni chake na wote wanataja vitu vilevile kwa sababu vyote viko kwenye picha. Sasa unampa nani?

Nalinganisha hapa namna tatu za kuandika hiyo posti, na natumia funguo maana funguo ndio kesi ngumu. Pochi mara nyingi ina kitambulisho chenye sura ya mtu, simu inafunguka kwa namba ya siri ya mwenyewe, lakini rundo la funguo halina jina wala sura. Halafu kwenye grupu la wakazi kila mtu anajua kabisa kwamba mlango wake uko hapahapa ndani, kwa hiyo ukikosea mtu umempa nyumba ya jirani yako.

Rundo lenyewe liko hivi, mliweke kichwani maana tutalirudia. Funguo tano. Mbili kubwa za kitasa, moja ndogo ya kufuli, moja bapa ya kabati, na moja imekula kutu haijulikani hata ni ya wapi. Zote ziko kwenye pete ya chuma yenye opena ya chupa, isipokuwa ile ndogo ya kufuli ambayo imening'inizwa kwa kipande cha waya kilichosokotwa. Ufunguo mmoja mkubwa umepakwa rangi ya kucha nyekundu kichwani, upande mmoja tu. Zimeokotwa asubuhi kwenye ngazi za blok B.

Posti ya kwanza, ya kila kitu

> Jamani nimeokota funguo 5 kwenye ngazi za blok B, zina opena na moja ina rangi nyekundu, mwenyewe aje achukue. [picha]

Nisiwe mnafiki, hii posti inafanya kazi haraka kuliko zote. Mwenyewe akiiona picha tu anazijua, dakika tano kashakuja, na mara nyingi anayekuja ni mwenyewe kweli. Shida iko siku asipokuja mwenyewe, maana huna swali hata moja lililobaki la kumuuliza, kila jibu umeshalibandika ukutani.

Shida ya pili watu hawaijui, nayo ni meno ya ufunguo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha kwamba ufunguo wa kawaida unaweza kuchongwa upya kwa kutumia picha tu, na jaribio lao moja walipiga picha wakiwa juu ya paa, funguo ziko mezani karibu mita 60 kutoka walipo. Sasa wewe umepiga kwa simu ya leo, kiganjani, mwanga wa asubuhi. Kinachofungua kitasa cha kawaida ni kina cha zile ngazi ndogo ndogo za meno na nafasi zake, na picha imevionyesha vyote. Unganisha na "ngazi za blok B" na umempunguzia mtu kazi ya kutafuta mlango, kutoka nyumba zote za eneo hadi nyumba chache za blok moja. Na hata ukimpata mwenyewe siku hiyohiyo ukafuta posti, picha imebaki kwenye simu za watu.

Kuna wanaosema basi nitaziba meno kwa kuchora juu. Sawa, lakini angalia unachora na nini, maana ile kalamu ya kung'arisha maandishi inaacha rangi inayopitisha mwanga, mtu akiongeza mwanga wa picha kilicho chini kinarudi. Kama lazima uweke picha, zifumbe ngumini ndio upige. Ila sioni picha ya ngumi inamsaidia nani.

Posti ya pili, ya fumbo

> Kuna kitu kimeokotwa leo. Mwenye nacho aje inboksi ataje ni nini.

Hii inaandikwa na aliyewahi kuumwa na ile ya kwanza. Ni salama, ndio, ila inafeli kwa njia yake. Mtu aliyepoteza funguo saa nyingine hajajua bado kama kapoteza, yuko kazini, atajua jioni akiwa mlangoni anajipapasa mifuko. Akijua ataingia kwenye grupu ataandika "funguo" pale kwenye kutafuta, na posti yako haitatokea kwa sababu hilo neno hujaliandika. Kesho asubuhi anaita fundi anavunja kitasa na funguo ziko kwako kwenye droo.

Halafu maswali. Ni heleni? Ni chaji? Ni paka? (Kuna mtu huwa lazima aulize kama ni paka.) Na wewe kwa upole wako unaanza kujibu, hapana sio simu, hapana sio ya mtoto, ni kitu cha chuma, na baada ya nusu saa umeshasema kila kitu kipande kipande, umerudi kwenye posti ya kwanza kwa njia ndefu.

Fumbo lina mahali pake lakini. Hela taslimu, kwa mfano. Ukiandika neno hela tu kila mtu anakumbuka alipita pale. Na vitu ambavyo kuvitaja ni kumwaibisha mwenyewe, kama dawa zenye jina la ugonjwa unaojulikana, hapo andika "kifurushi kidogo" na uishie hapo.

Posti ya tatu, ya nusu

Mimi nachagua hii kwa funguo, ila ina mtego wake ambao niliingia mwenyewe. Mara ya kwanza niliandika hivi:

> Nimeokota funguo leo asubuhi. Mwenyewe aniandikie pembeni aseme ziko ngapi, zina opena ya rangi gani, na ule uliopakwa rangi umepakwa rangi gani.

Soma tena uone nilivyojichoma. Maswali yenyewe yametoa majibu. Nimeshasema kuna opena, nimeshasema kuna ufunguo uliopakwa rangi, kilichobaki mtu abahatishe rangi, na rangi watu watataja nyekundu au bluu au kijani, nafasi nzuri tu. Swali la idadi nalo ni jepesi kuliko tunavyodhani, watu wengi wana kati ya funguo tatu na sita, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne. Siku hizi naandika hivi:

> Nimeokota funguo leo asubuhi ndani ya eneo letu. Mwenyewe aniandikie pembeni, sio hapa, anielezee rundo lote kama analiona, kila ufunguo ni wa nini, na anadhani zilimdondokea wapi. Kila mtu anajibu mara moja. Sitaweka picha.

Imesema neno "funguo" ili mwenye kutafuta aione, imesema siku, imesema ni ndani ya eneo, basi. Haijataja blok, idadi, wala kama kuna kitu kingine kwenye pete. Na swali liko wazi, anayejibu ndiye anayeleta habari, mimi nasikiliza tu.

Kabla ya kuiposti kuna kazi ya dakika mbili ambayo wengi wanairuka. Andika pembeni ulichokificha, kila kitu, idadi, opena, waya, rangi na upande iliopakwa, saa na mahali, kisha umtumie mtu mmoja mnayeaminiana, admini au jirani, kabla mtu yeyote hajaja. Ule ujumbe una saa yake. Ukija kuambiwa "umebadilisha majibu ili umpe rafiki yako" au "funguo zilikuwa sita umetoa moja", unao. Mimi nilishaambiwa hiyo ya pili, na bila ule ujumbe ningekuwa mwizi wa mtaa mpaka leo.

Sasa watu watatu walivyokuja kwenye lile rundo.

Wa kwanza aliandika: "Ni zangu hizo kaka, ziko nne na kiringi cheusi cha ngozi." Hapo hakuna cha kufikiria. Jibu likawa "asante, hizi sio" na nikaishia hapo. Alirudi kuuliza kwani zina kiringi gani, sikujibu. Ukimwambia mtu "hapana, hazina kiringi" umemfundisha, na anayefuata anaweza kuwa ndugu yake wa nyumba moja anatumia alichofundishwa mwenzie. Hata "umekaribia" ni somo tosha. Ndio maana pia nasema wasijibu kwenye grupu, majibu ya waliokosea yakikaa hadharani yanamsaidia anayekuja nyuma kuondoa kimoja kimoja.

Wa pili alinichanganya. "Funguo tano, zina opena, zilidondoka kwenye ngazi." Vitu vitatu, vyote sahihi! Mtu mwingine angeshampa. Lakini angalia ni vitu gani alivyotaja, vyote ni vya kuonekana ukiwa umesimama. Mtu aliyepita kwenye ngazi akaziona chini akaziruka, au aliyeniona mimi nimeinama naokota, angetaja hivyohivyo. Hakutaja waya wala rangi, na swali la kila ufunguo ni wa nini alilipita kama hajaliona. Nikamkumbusha hilo swali lilikuwa kwenye posti tangu mwanzo, akajibu "za nyumbani tu". Mwenye funguo hasemi hivyo. Mwenye funguo atakuambia huu ni wa mbele, huu wa kabati la mama, huu sijui wa nini nimeurithi nao.

Kwa hiyo sio kila ulichokificha kina uzito sawa. Weka pembeni vinavyoonekana kwa mpita njia, idadi, rangi ya jumla, kitu kikubwa kinachoning'inia, mahali. Hivyo vinakusaidia kumkataa asiyejua, havitoshi kumkubali mtu. Cha kumkubalia ni kile ambacho lazima uwe umeshika funguo mkononi ndio ukijue, waya nyuma ya pete, rangi ya upande mmoja, ufunguo gani unakwama ukiuzungusha.

Wa tatu alikuja usiku, ni mama mmoja wa makamo. Aliandika kwa kirefu, nafupisha: "Samahani baba, ni nne kama sikosei, kuna opena mwanangu aliitia humo, ule mdogo wa kufuli nimeufunga na waya maana pete ilikuwa ngumu kucha zikakatika, na wa mlango wa mbele nimeupaka rangi ya kucha nisiwe nachanganya na wa nyuma."

Idadi kakosea. Ziko tano, kasema nne, ule wa kutu alishausahau. Kama ningekuwa nahesabu maksi kwa ukali, wa pili ana idadi sahihi na huyu hana, ningemkataa mwenye mali. Watu hawahesabu funguo zao, kama wasivyojua kiasi kamili cha hela kilichobaki kwenye pochi, kwa hiyo usiweke shingo ya mtu kwenye namba. Nilichokiangalia ni waya na sababu ya waya. Anayebahatisha hawezi kubahatisha waya, na hata akiubahatisha hana kile kisa cha kucha.

Na bado sikumpa. Majibu yanathibitisha kwamba mtu anazijua funguo, hayathibitishi kwamba leo ana haki ya kuingia ule mlango. Mpangaji aliyehama anazijua. Mume aliyefukuzwa jana anazijua mpaka kutu. Kwa hiyo tulikubaliana asubuhi, mwangani, nikaenda na jirani mwingine mpaka mlangoni kwake, funguo nimezishika mimi, nikamwambia nionyeshe ni upi wa mbele akaonyesha wenye rangi, nikauzungusha ukafungua. Wa mlango wa pili akasalimia "karibu mama, umezipata?" na hilo ndilo nililokuwa nasubiri kuliko kitasa, mtu mwingine anayejua kwamba huyu anaishi pale. Nikampa, nikaandika kwenye grupu "funguo zimeshachukuliwa" bila kusema na nani wala za mlango upi, kwa sababu kuandika "mama wa blok B kapata funguo zake" ni kumtangaza kwamba alishinda siku nzima funguo ziko nje.

Sasa ukiniuliza kwa haraka ni ipi, funguo posti ya tatu bila kufikiria mara mbili, hela na vitu vya siri posti ya pili, na ile ya kwanza nawaachia miamvuli, ndala za mtoto, sahani ya plastiki, vitu ambavyo hata akivichukua asiye mwenyewe hakuna anayelala njaa. Pochi yenye kitambulisho hata usiweke swali, andika jina la kwanza tu, au mtafute kimyakimya kupitia admini, na kile kitambulisho usikipige picha, namba zake na tarehe ya kuzaliwa ndio vitu matapeli wanatafuta.

Simu ina kichekesho chake. Watu wanapenda kusema "piga namba yako iite". Lakini kama mwenyewe ameshairudisha laini, ile ya zamani iliyomo kwenye simu imekufa na namba inaita kwenye laini mpya, utamkataa bure. Mwambie aje aifungue mbele yako, akiishika unaona mwenyewe kama kidole au namba ya siri inakubali. Ikiwa imezima kabisa, mwambie alete boksi, pale kuna IMEI ya tarakimu 15, mlinganishe na iliyo kwenye simu ikishawaka, ukipiga `*#06#` inatokea. Baadhi ya simu imechapwa kwenye kitrei cha laini. Hiyo namba isiguse posti hata kidogo, ni kama ule waya.

Wengine watasema kwa nini ujisumbue, mpe mlinzi wa getini umalize. Sipingi, hasa kama hutaki watu wajue mlango wako, ila mlinzi anabadilishana zamu. Yule wa mchana ulimwelezea vizuri, wa usiku anaona tu funguo mezani na mtu anasema "nimekuja kuchukua zangu". Ukimpa mlinzi, zitie kwenye bahasha isiyoonyesha ndani, uifunge, juu yake uandike "asipewe mtu bila kunipigia", majibu yabaki kwako.

Na upande wa pili wa kaunta, wewe uliyepoteza, nawe usiandike vyote. Matapeli wanasoma posti za "nimepoteza" kuliko za "nimeokota", mtu anakuandikia kwamba kazipata ila yuko mbali, utume nauli kwanza. Yule mama angeandika rundo zima na waya wake, tapeli angemrudishia maneno yake mwenyewe naye angeamini kapona. Andika hivi:

> Nimepoteza funguo jana kati ya getini na ndani, zina opena. Aliyeziona aniandikie pembeni.

Opena inatosha kumwamsha aliyeokota. Akija anayesema anazo, muulize ule mdogo umeshikwa na nini. Mwenye nazo mkononi ataangalia na kukujibu palepale. Yule wa nauli ataanza kukwambia chaji inaisha.